Jedwali moja badala ya matatu: mzio, komplementi na figo inayokataliwa

Wanafunzi wa tiba ninaokaa nao jioni kurudia imunolojia huja na karatasi tatu. Ya kwanza ina aina nne za mwitikio wa kinga uliopitiliza, ambazo hapa nitaziita tu aina nne za mzio. Ya pili ina mfumo wa komplementi, yaani protini za damu zinazoamshana kwa zamu kushambulia, na mishale mingi inayoanzia C1 hadi C9. Ya tatu ina namna mwili unavyokataa kiungo kilichopandikizwa: papo hapo, baada ya siku au wiki, baada ya miaka. Kila karatasi imepangwa vizuri, na mwenye nayo anaweza kuisoma kichwani huku macho kafumba.

Shida inaanza pale swali linapogusa karatasi mbili kwa pamoja. Mama wa watoto watatu anahitaji figo, mumewe yuko tayari kumpa yake, makundi ya damu yanalingana, lakini krosimachi, kipimo cha kuona kama damu ya mama inashambulia seli za mume, imetoka chanya. Kwa nini? Karatasi ya tatu inataja kukataliwa kwa papo hapo, basi. Kwa nini mume hasa, kwa nini mama aliyezaa, na kipimo hicho kimeona nini, hakuna karatasi inayojibu ikiwa peke yake.

Msimamo wangu ni kwamba hizi karatasi tatu ni jedwali moja lililokatwa vipande. Mwili kukataa figo si mada mpya, ni mzio wa aina ya pili na ya nne unaotokea kwenye kiungo cha mtu mwingine. Komplementi nayo ni safu moja ya jedwali hilohilo, ile inayouliza kingamwili zikishafika zinaua kwa kutumia nini. Ukiliandika hivyo, mengi ya kukariri yanapungua, kwa sababu safu moja inaanza kuieleza nyingine.

Safu ya muda

Mgawanyo wa aina nne uliwekwa na Philip Gell na Robin Coombs mwaka 1963. Coombs ni yuleyule ambaye jina lake liko kwenye kipimo cha maabara cha kutafuta kingamwili zilizong'ang'ania chembe nyekundu za damu. Mimi huwaomba wanafunzi waandike jedwali lao kwa kuuliza mambo manne tu: nani anaanza ugomvi, antijeni, yaani kitu kinachoshambuliwa, iko wapi, komplementi inahitajika au la, na inachukua muda gani. IgE, IgG na IgM ni aina za kingamwili.

| Aina | Anayeanza | Antijeni iko wapi | Komplementi | Muda |
|---|---|---|---|---|
| I | IgE iliyokaa juu ya seli za masti | inatoka nje, inaelea | haihitajiki | dakika |
| II | IgG au IgM | imebandikwa kwenye seli au utando | mara nyingi | dakika hadi saa, kama kingamwili zipo tayari |
| III | IgG iliyoshikana na antijeni | inaelea kwenye damu, kisha inatua | ndiyo, sana | saa chache hadi wiki 1 au 2 |
| IV | seli T | ndani ya tishu | haihitajiki | saa 48 hadi 72, kama kuna kumbukumbu |

Safu ya mwisho ndiyo inayokaririwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Nyuma yake kuna swali moja: silaha ilikuwa tayari, au ilibidi kwanza itengenezwe?

Anayechomwa sindano ya penisilini na kuanguka ndani ya dakika chache hakutengeneza IgE siku hiyo. Aliitengeneza zamani, alipokutana na dawa hiyo au inayofanana nayo, na tangu hapo IgE hiyo imekaa juu ya seli za masti ikisubiri. Dawa inapoingia inaunganisha IgE mbili zilizo jirani, seli inamwaga histamini iliyokuwa tayari imefungwa kwenye vifuko vyake, na shinikizo la damu linashuka. Hakuna kilichohitaji kuzaliwa. Saa kadhaa baadaye huweza kuja wimbi la pili, kwa sababu kuna kemikali nyingine ambazo seli hutengeneza upya na kuna chembe nyeupe zilizoitwa ambazo zilikuwa bado njiani. Ndiyo maana mgonjwa aliyepata nafuu kwa adrenalini haruhusiwi kuondoka mara moja.

Aina ya nne tunaiona kwa macho kwenye kipimo cha Mantoux. Unaingiza mililita 0.1 ya tuberkulini ndani ya ngozi ya mkono, kiuvimbe cheupe kinainuka, kisha kinapotea. Ukitazama baada ya saa moja hukuti kitu cha maana. Unasoma baada ya saa 48 hadi 72, kwa sababu seli T zenye kumbukumbu zilikuwa sehemu nyingine za mwili: lazima zifike, zitambue vipande vya protini, zitoe ishara, na makrofeji ziitike wito. Unachopima ni ugumu, si wekundu. Unapitisha kidole, unatafuta ukingo wa sehemu iliyokakamaa, unapima upana wake kwa milimita kukatisha mkono. Wekundu ni mishipa iliyotanuka tu, na unaweza kuletwa na mchomo wenyewe. Ugumu ni seli zilizojaa pale pamoja na faibrini. Kwa hiyo mgonjwa wa VVU ambaye seli zake T za CD4 zimeshuka sana anaweza kuwa na vimelea vya kifua kikuu na bado mkono wake ukabaki laini. Sindano ilikuwa sahihi, antijeni ilikuwepo, wa kufika ndio hawakutosha.

Aina ya tatu ndiyo inayofundisha kuhusu muda kuliko zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 watoto wenye dondakoo walitibiwa kwa seramu ya farasi aliyepewa sumu ya ugonjwa huo. Wengi walipona dondakoo, kisha siku 8 hadi 12 baadaye wakapata homa, vipele, maumivu ya viungo na tezi kuvimba. Clemens von Pirquet na Béla Schick, madaktari wa Vienna, waliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1905. Pirquet aliona jambo ambalo wengine walilipita: mtoto aliyechomwa seramu mara ya pili aliugua mapema zaidi. Kama ugonjwa ungetokana na sumu iliyomo kwenye seramu, usingesubiri wiki nzima safari ya kwanza na kuharakisha safari ya pili. Siku zile za kusubiri zilikuwa za mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya protini za farasi. Zilipotosha, zikakutana na protini ambazo bado zilikuwa kwenye damu, zikashikana nazo, na vifurushi vidogo vikatua kwenye viungo, ngozi na figo.

Hadithi hii si ya kale. Dawa nyingi za sumu ya nyoka hadi leo hutengenezwa kwa damu ya farasi. Mkulima aliyeumwa na kifutu, akapewa dawa, akaruhusiwa, anaweza kurudi wiki moja au mbili baadaye na homa na magoti yanayouma. Mwenye safu ya muda kichwani atauliza kuhusu dawa ya nyoka kabla ya kuanza matibabu ya malaria.

Tofauti ya aina ya pili na ya tatu inabaki kuwa ya mahali. Zote mbili zina IgG, zote mbili zinaita komplementi. Kwenye ya pili antijeni ni sehemu ya nyumba yenyewe, ukuta wa seli au utando wa msingi wa figo, na kingamwili zinaipanga sawasawa. Kwenye ya tatu antijeni ilikuwa ikielea na imetua ilipotua. Ukipaka kipande cha figo rangi inayong'aa na kukitazama kwa hadubini, ugonjwa wa Goodpasture, ambao ni wa aina ya pili, unaonyesha mstari laini usiokatika, na ugonjwa wa vifurushi, wa aina ya tatu, unaonyesha nukta nukta.

Safu ya komplementi

Karatasi ya komplementi inatisha kwa sababu inaandikwa kama orodha ya majina. Mimi nafuata njia moja tu kwa kina, ile inayoanza na kingamwili, kwa sababu ndiyo inayounganisha mzio na figo.

C1q ina vichwa 6, na lazima ishike zaidi ya mkia mmoja wa kingamwili kwa wakati mmoja ndipo iamke. IgM ina mikia mitano, hivyo moja tu iliyojikunja juu ya antijeni inatosha. IgG zinahitajika mbili au zaidi, tena jirani. Hii ina maana antijeni ikiwa chache na zimetawanyika, IgG zinaweza kukaa juu ya seli bila komplementi kuanza kazi kabisa. Aina za IgG nazo hazilingani: IgG1 na IgG3 zinaita komplementi vizuri, IgG2 kwa udhaifu, IgG4 karibu haiiti kabisa.

C1 ikishaamka inakata C4. Kipande kikubwa, C4b, kinazaliwa na kifungo cha kikemia kilicho wazi ambacho kinadumu kwa muda mfupi mno. Kikikutana na uso wa seli ulio karibu, kinajishikiza humo moja kwa moja, si kwa kugusana tu bali kwa kifungo kamili cha kikemia. Naomba msomaji aiweke pembeni habari hii, tutaihitaji. Juu ya C4b inakaa C2, zinakata C3 kwa wingi, na C3b zinatapakaa juu ya seli kama alama za kuziambia chembe nyeupe ziimeze seli hiyo. C5 inakatwa: C5a inaita nutrofili, C5b inaanza kujenga tundu kwenye ukuta wa seli mpaka C9. Njia nyingine mbili, ile ya lektini na ile inayojiwasha yenyewe juu ya vimelea, zinakutana na hii kwenye C3. Zinatofautiana mlangoni tu: njia inayojiwasha yenyewe haipiti kwa C4.

Hapo ndipo vipimo viwili vya kawaida, C3 na C4, vinapopata maana. Mtoto wa miaka 7 analetwa akiwa amevimba uso, mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia iliyokoza, na wiki tatu zilizopita alikuwa na vidonda vya ngozi miguuni. C3 yake iko chini sana, C4 ni ya kawaida. Huu ni ugonjwa wa figo unaofuata maambukizi ya streptokoki, na ndani ya figo komplementi inatumika zaidi kupitia njia isiyohitaji C4. Msichana wa miaka 22 mwenye vipele usoni, viungo vinavyouma na protini kwenye mkojo, C3 na C4 zote zikiwa chini, anaelekeza kwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wake yenyewe, ambako vifurushi vya kingamwili vinapita mlango wa C1 na kumaliza zote mbili. Mtu anayevimba midomo na koo mara kwa mara bila kuwashwa, C3 kawaida na C4 chini, anafaa kupimwa kizuizi cha C1, kwa sababu kikipungua C1 inakata C4 hovyo hata pasipo ugomvi. Huyo wa mwisho hufananishwa na mzio wa aina ya kwanza, lakini hana IgE kwenye kisa chake, na adrenalini na dawa za kupinga histamini hazimsaidii inavyotarajiwa.

Vipimo hivi vina mipaka. C3 inatengenezwa na ini, na ini huitengeneza zaidi mwili unapokuwa na uvimbe wowote. Inaweza kutumika kwa kasi na bado namba ikaonekana ya kawaida kwa sababu uzalishaji nao umepanda. Kwa hiyo namba ya chini ni ushahidi mzuri kuliko namba ya kawaida. Kwa yule mtoto tunatarajia C3 irudi ndani ya wiki 6 hadi 8. Ikibaki chini kupita hapo, si vema kuendelea kumwita mgonjwa wa streptokoki, anahitaji kipande cha figo kichukuliwe. Na kipimo kinachopima mnyororo mzima, CH50, kinaharibiwa na uzembe mdogo: damu ikikaa mezani kwenye joto, komplementi inajimaliza ndani ya chupa. Ukiona CH50 imeanguka karibu sifuri ilhali C3 na C4 ni za kawaida, jambo la kwanza ni kuomba sampuli mpya iliyotenganishwa na kugandishwa mapema. Ikirudi vilevile ndipo ufikirie upungufu wa kurithi wa mojawapo ya C5 hadi C9, na umuulize mgonjwa kama amewahi kuugua homa ya uti wa mgongo ya meningokoki.

Mama, mume na krosimachi

Sasa turudi kwa mama. Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kujisomea, lakini kila hatua yake ndiyo inayofanyika kweli. Ana miaka 36, kundi O, amezaa mara tatu, na uzazi wa mwisho aliongezewa damu. Figo zake zimekufa na yuko kwenye kusafishwa damu. Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo Novemba 2017, swali la kwanza kwa mgonjwa kama huyu ni ndugu gani aliye hai anaweza kumchangia, na mume anajitokeza. Naye ni kundi O.

Makundi ya damu yakilingana, mlango wa pili ni HLA, protini zilizo juu ya karibu seli zote zenye kiini, ambazo tunarithi seti moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kila mtoto aliyembeba alikuwa na nusu ya HLA za mumewe. Wakati wa mimba, na hasa wakati wa kujifungua, seli za mtoto huingia kwenye damu ya mama, na baadhi ya wanawake hutengeneza IgG dhidi yake. Mimba tatu ni nafasi tatu za kufundishwa kumtambua mtu mmoja. Kwa hiyo katika watu wote wanaoweza kumchangia, mume ndiye ambaye kinga ya mama imepewa nafasi nyingi zaidi ya kumjua.

Krosimachi ya kizamani inafanyika hivi. Unachukua limfositi, aina ya chembe nyeupe za damu, za mume, unaziweka kwenye visima vidogo, unaongeza seramu ya mke, unasubiri. Kisha unaongeza komplementi ya sungura, unasubiri tena, na mwisho rangi inayoingia tu kwenye seli zilizokufa. Kama seramu ina kingamwili dhidi ya HLA za mume, zinashika, C1q inaamka, mnyororo unaenda hadi C9, seli zinatobolewa na kuchukua rangi. Unahesabu waliokufa. Yaani ni mzio wa aina ya pili uliotengenezwa makusudi kwenye kisima cha plastiki kabla haujatokea kwenye tumbo la mgonjwa. Mwaka 1969 Ramon Patel na Paul Terasaki walichapisha matokeo ya wagonjwa 225: kati ya 30 waliopandikizwa ilhali krosimachi ilikuwa chanya, 24 walipoteza figo mara moja. Kati ya 195 waliokuwa hasi, ni 8. Baada ya hapo kipimo hiki kikawa sharti.

Kwa mama wetu, limfositi T na B za mume zimekufa zote. Seli T zina HLA ya daraja la kwanza, seli B zina ya kwanza na ya pili, kwa hiyo zote zikifa mshukiwa mkuu ni IgG dhidi ya daraja la kwanza. Lakini maabara nzuri haiishii hapo. Inarudia baada ya kuitia seramu dawa inayovunja IgM, kwa sababu IgM nyingi ni kingamwili dhidi ya nafsi yake mwenyewe na hazidhuru figo. Inampima pia dhidi ya limfositi zake mwenyewe: kama anaua hata zake, chanya ile haina uzito. Na ingekuwa seli B pekee zimekufa, ningeuliza kama amewahi kupewa rituksimabu, maana dawa hiyo yenyewe ni kingamwili dhidi ya seli B na itaziua kisimani hata mgonjwa akiwa hana lolote.

Majibu yanabaki chanya. Kipimo cha shanga, ambacho kila shanga imebeba HLA ya aina moja, kinaonyesha kingamwili kali dhidi ya A2, na mume ana A2. Tukiipandikiza figo yake, daktari wa upasuaji ataachia vibano, figo itakuwa ya waridi kwa muda mfupi, kisha ndani ya dakika au saa itageuka madoadoa ya samawati na kulegea, na mkojo utakatika. Kingamwili zimeshika ukuta wa ndani wa mishipa, komplementi imeuchana, damu imeganda kwenye kapilari. Hakuna dawa ya hali hiyo isipokuwa kuitoa. Soma sasa mstari wa aina ya pili kwenye jedwali letu: IgG, antijeni iliyobandikwa, komplementi, dakika hadi saa. Hakuna neno la kuongeza.

Mume anaondolewa, na kaka yake mama anapimwa. Kati ya ndugu wa baba na mama mmoja, mmoja katika wanne hulingana seti zote mbili za HLA, wawili katika wanne hulingana seti moja, na mmoja halingani kabisa. Kaka analingana seti moja, hana A2, krosimachi hasi. Upasuaji unafanyika. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo nzima huiondoa, inashuka kutoka 820 hadi 118 mikromoli kwa lita siku ya 5. Siku ya 9 ni 196, na mkojo umepungua.

Hapa ni vizuri kuzuia mkono usikimbilie neno kukataliwa. Kwanza picha ya sauti: mkojo umeziba, umevuja, au mshipa umeganda? Kisha kiwango cha takrolimusi, dawa yake ya kuzuia kukataliwa, kwenye damu, kwa sababu kikizidi chenyewe hupandisha kreatinini. Kisha mkojo kuangaliwa maambukizi. Vyote viko sawa, basi kipande cha figo kinachukuliwa. Kinaonyesha limfositi zilizotapakaa kati ya mirija, na nyingine zimepenya hadi ndani ya kuta za mirija. Kipimo cha C4d, alama ya komplementi nitakayoieleza punde, ni hasi, na damu haina kingamwili dhidi ya HLA za kaka.

Huu ni mstari wa nne wa jedwali. Ila mwanafunzi makini atauliza: kama aina ya nne ni saa 48 hadi 72, imekuwaje siku ya 9? Ni kwa sababu Mantoux ni kipimo cha kumbukumbu. Seli T zilishafundishwa, zinasafiri tu. Kwa kaka, seli T za mama hazijawahi kuziona HLA zile. Lazima seli za figo zisafiri hadi kwenye tezi, T chache zinazofaa zipatikane, ziongezeke siku kadhaa, kisha zirudi kwenye figo. Thomas Gibson na Peter Medawar waliliona hili Glasgow mwaka 1943 kwa mgonjwa aliyeungua: vipande vya ngozi ya mtu mwingine vilishika, kisha vikayeyuka, na vipande vya mara ya pili kutoka kwa mchangiaji yuleyule viliyeyuka haraka zaidi. Ni hoja ileile ya Pirquet na seramu ya farasi, safari hii kwenye tishu. Mama anapewa stiroidi ya methilpredinizoloni miligramu 500 kwa mshipa kila siku kwa siku tatu, na kreatinini inarudi chini.

Na kama C4d ingekuwa chanya? Sasa ile habari ya C4b niliyoomba iwekwe pembeni. Kingamwili zinazoshika ukuta wa kapilari za figo hazikai sana, zinabanduka na kuchukuliwa na damu. Ukizitafuta kwenye kipande unaweza usizione. Lakini C4b imejifunga kwa kemia. Mwili unaikata ili kuizima, na mabaki yake, C4d, yanabaki pale kwa siku nyingi baada ya mshambuliaji kuondoka. Pete ya C4d kuzunguka kapilari zilizo kati ya mirija inasema kingamwili zilipita hapa na komplementi iliwashwa. Hapo stiroidi peke yake haitoshi. Plazma inabadilishwa ili kuondoa kingamwili, na imunoglobulini inatolewa kwa mshipa.

Nayo C4d ina mipaka ya pande zote mbili. Figo iliyopandikizwa kwa makusudi bila makundi ya damu kulingana, baada ya maandalizi, mara nyingi huonyesha C4d huku ikifanya kazi vizuri na bila uharibifu. Upande wa pili, kingamwili zinaweza kuharibu kapilari pasipo kuita komplementi ya kutosha, kwa kuzipa chembe nyeupe mkia wa kushika. Vigezo vya Banff, ambavyo wataalamu wa patholojia hutumia kusoma vipande hivi, vilirekebishwa mwaka 2013 kukubali kukataliwa kwa kingamwili kusikokuwa na C4d, mradi kapilari zimevimba na kingamwili dhidi ya mchangiaji zimeonekana kwenye damu. Ndiyo maana kwenye mstari wa pili niliandika «mara nyingi».

Ukataaji wa miaka mingi ndio mstari ambao jedwali halitoshi, na sipendi wanafunzi waulazimishe kwenye aina moja. Tuseme miaka sita imepita. Mama amehamia mkoa mwingine, kuna miezi takrolimusi ilikosekana akawa anarukisha dozi. Kreatinini inapanda polepole, 130, 150, 175, na protini imeonekana kwenye mkojo. Shanga zinaonyesha kingamwili mpya, na kwa kawaida huwa dhidi ya HLA za daraja la pili, hasa ile iitwayo DQ. Kwenye kipande, utando wa msingi wa vichujio umekuwa wa tabaka mbili na kati ya mirija kumejaa makovu, mengine yameletwa na kingamwili, mengine na seli T, mengine labda na takrolimusi yenyewe. C4d inaweza kuwepo au isiwepo. Makovu hayarudi nyuma, na kwa kukataliwa kwa kingamwili kwa muda mrefu hakuna tiba ya uhakika mpaka sasa. Kinachofanyika kwanza ni kurudisha kiwango cha takrolimusi mahali pake, kudhibiti shinikizo la damu na protini, na kuhakikisha duka la dawa la mkoa anakoishi lina dozi yake ya mwezi ujao.